Kitambulisho cha Taifa kikipotea Dar es Salaam: kutoka kituo cha polisi hadi kupokea kipya

Mtu aliyepoteza kitambulisho cha Taifa hupoteza kadi tu. Namba ya utambulisho, alama za vidole, picha na saini alizotoa siku ya kusajiliwa zote zimebaki katika kumbukumbu za Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, ambayo wengi tunaiita NIDA. Jambo hili linafaa kueleweka mapema kwa sababu ndilo linaloamua kazi nzima iliyo mbele: hauombi kusajiliwa upya, unaomba kuchapishiwa kadi nyingine yenye taarifa zilezile na namba ileile. Anayejaza fomu ya usajili mpya kwa kudhani kwamba hiyo ndiyo njia ya mkato hujitafutia tatizo, kwa kuwa mfumo utalinganisha alama za vidole vyake na zilizomo, utakuta kwamba mtu huyo yumo tayari, na ombi litakwama bila yeye kujua limekwamia wapi.

Ili maelezo yasielee hewani, tumchukue fundi cherehani mmoja wa kufikirika anayeishi Mbagala Rangi Tatu. Alipanda daladala asubuhi kwenda Kariakoo kununua vitambaa, na aliposhuka Gerezani akakuta pochi haipo. Ndani yake mlikuwa na kitambulisho cha Taifa, kadi ya benki na fedha kidogo. Simu ilikuwa mkononi, hivyo haikupotea. Alisajiliwa wilayani Temeke miaka kadhaa iliyopita, na kwa bahati mbaya hakuwahi kutoa nakala ya kitambulisho chake.

Anza na namba kabla ya kwenda polisi

Watu wengi hukimbilia kituo cha polisi kwanza, wakafika mbele ya askari na kuulizwa namba ya kitambulisho, kisha wakaanza kupiga simu nyumbani ili mtu apekue kabati. Ni afadhali kuitafuta namba kwanza, kwa sababu ndiyo itakayoandikwa katika taarifa ya upotevu, katika ankara ya malipo na katika fomu ya NIDA. Hati hizi tatu zikiwa na namba moja na jina moja, kazi hupita kwa urahisi. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, utarudishwa.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20 zilizogawanywa katika mafungu manne. Fungu la kwanza lina tarakimu 8 za tarehe ya kuzaliwa, zikianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Fungu la pili lina tarakimu 5 za msimbo wa posta wa eneo ulikosajiliwa. La tatu lina tarakimu 5 za mfuatano, na la mwisho lina tarakimu 2. Fundi wetu, ikiwa alizaliwa tarehe 14 Juni 1988, namba yake itaanza na 19880614, na kwa kuwa alisajiliwa Temeke fungu la pili litaanza na 15. Ufahamu huu mdogo una faida: ukisomewa namba kwa simu na ndugu aliyeko nyumbani, unaweza kutambua papo hapo kama ameruka tarakimu au amegeuza mwezi na siku.

Kama hukuiandika mahali popote, zipo njia za kuipata bila kadi. Ya kwanza ni kupekua mahali ambapo namba ilikwisha kuandikwa kwa ajili ya jambo jingine, kwa mfano fomu ya benki, mkataba wa kazi, hati ya namba ya mlipakodi, au nakala uliyompa mwenye nyumba ulipopanga. Ya pili ni menyu ya huduma za Serikali kwenye simu, *152*00#, ambamo NIDA ina sehemu yake. Ya tatu ni tovuti ya NIDA, ambayo huuliza majina yako, tarehe ya kuzaliwa na majina ya mama yako mzazi, kisha hukuonyesha namba. Katika njia mbili hizi za mwisho, majina yaandikwe kama yalivyoandikwa siku ya usajili. Kama karani aliandika «Mwanaid» badala ya «Mwanaidi», mfumo unamjua Mwanaid, na ukiandika jina lililo sahihi utaambiwa kwamba taarifa hazipo. Kwa hiyo jibu la kwamba hakuna taarifa lisikutishe. Jaribu namna nyingine ambayo jina lako au la mama yako huandikwa kabla ya kuamua kwamba kuna hitilafu.

Baada ya kuipata namba, tumia dakika chache kwa mambo mawili ya usalama. Piga simu benki wafunge kadi iliyokuwa katika pochi. Halafu piga *106# ili uone laini za simu zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, na urudie kwa kila mtandao unaoutumia. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2019 usajili wa laini unahitaji alama ya kidole, hivyo aliyeokota kadi yako hawezi kwenda nayo peke yake na kusajili laini. Hata hivyo orodha hiyo huwashangaza wengi, kwa kuwa baadhi hukuta laini ambazo hawazifahamu, zilizosajiliwa na wakala asiye mwaminifu aliyewabonyezesha kidole mara mbili kwa kisingizio kwamba mashine imegoma. Ukiikuta laini ya namna hiyo, nenda katika duka la mtandao husika uiombee kufutwa.

Aliyepoteza simu pamoja na pochi ana hatua moja zaidi, nayo itangulie nyingine zote: arudishe laini yake kwanza. Duka la mtandao hufanya kazi hiyo kwa namba ya NIDA na alama ya kidole, bila kuhitaji kadi. Bila laini hataweza kupokea namba ya malipo, hataweza kulipa kwa simu, na ujumbe wa kumwita kuchukua kadi utakwenda hewani.

Jipe muda mfupi wa kuulizia

Ada ya kadi mpya ni shilingi 20,000, nayo hairudi kwa sababu tu ya kwamba kadi ya zamani imeonekana baadaye. Kwa hiyo inafaa kuulizia kwanza. Kwa daladala, nenda kituo cha mwisho cha njia ile uwaulize makondakta na wapiga debe, kwa sababu vibaka wa pochi mara nyingi huchukua fedha na kuzitupa hati, na hati hizo huokotwa palepale. Kama ulipanda mwendokasi, ulizia kwa wahudumu wa kituo ulichoshukia. Ofisi ya serikali ya mtaa na kituo cha polisi kilicho karibu na mahali pa tukio ni sehemu nyingine ambazo waokotaji hupeleka kadi. Siku mbili au tatu zinatosha. Anayesubiri mwezi mzima akitumaini kwamba msamaria mwema atampigia simu, hasa ikizingatiwa kwamba kadi haina namba ya simu ya mwenyewe, anapoteza muda ambao kadi mpya ingekuwa imekwisha kuombwa.

Taarifa ya upotevu kutoka Jeshi la Polisi

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa kuliko hatua nyingine yoyote, na unatokana na kuchanganya hati mbili tofauti. Mtu aliyeibiwa, yaani aliyeporwa na bodaboda, aliyevunjiwa nyumba au aliyechomolewa pochi akamwona mchomoaji, anakwenda kituoni kufungua jalada la uhalifu na kupewa namba ya RB. Mtu aliyepoteza, yaani asiyejua kadi ilikwenda wapi, anaomba taarifa ya upotevu wa mali. Namba ya RB inasema kwamba polisi wamepokea malalamiko na wanaweza kuyachunguza. Taarifa ya upotevu inasema kwamba mtu fulani ametamka rasmi kupotelewa na kitu fulani, katika tarehe fulani, mahali fulani. Dirisha la NIDA linahitaji hii ya pili, na ndiyo maana aliyeporwa anapofika na kipande cha karatasi chenye namba ya RB peke yake hurudishwa kituoni. Kama uliibiwa, fungua jalada, kisha kabla hujaondoka eleza kwamba unahitaji pia taarifa ya upotevu kwa ajili ya kitambulisho cha Taifa.

Taarifa hiyo inapatikana kwa njia mbili. Waweza kwenda kituo cha polisi na kueleza tukio kaunta, au waweza kuijaza mwenyewe katika mfumo wa Jeshi la Polisi ulio kwenye anwani lormis.tpf.go.tz. Katika njia zote mbili kuna ada, ambayo ni ndogo ikilinganishwa na ile ya NIDA, na inalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Askari akikuambia umpe fedha taslimu mkononi, muombe namba hiyo kwa adabu, kwa sababu malipo yasiyopitia namba hayaachi alama katika mfumo, na hati isiyo na alama katika mfumo yaweza kukataliwa na anayeihakiki.

Kwa wasiozoea tovuti, mhudumu wa steshenari yoyote iliyo karibu na ofisi za Serikali anaweza kukujazia kwa malipo madogo. Hakuna ubaya katika hilo, ila kaa pembeni yake usome kila kinachoandikwa. Nimeona hati nyingi zilizoharibiwa na mhudumu mwenye haraka aliyeandika majina mawili mahali pa matatu, au aliyechagua katika orodha aina ya hati isiyo sahihi, ikawa mtu ametangaza kupoteza leseni ya udereva wakati leseni yake iko mfukoni.

Tazama jinsi fundi wetu anavyopaswa kujieleza. Asiseme tu kwamba amepotelewa na kitambulisho. Aandike kwamba amepotelewa na kitambulisho cha Taifa chenye namba yake kamili ya tarakimu 20, na kadi ya benki aitaje pia kwa jina la benki, kwa kuwa taarifa moja inaweza kubeba vitu vyote vilivyokuwa katika pochi na kumwokolea malipo ya pili. Mahali pa kupotelea aandike «ndani ya daladala kati ya Mbagala Rangi Tatu na Gerezani», na tarehe iwe ya siku ya tukio, wala isiwe ya siku aliyokwenda kuripoti. Tarehe hiyo ina uzito wake: endapo mtu ataitumia kadi hiyo baadaye kujitambulisha katika mkopo au katika upangaji wa chumba, hati ya polisi itaonyesha kwamba kufikia siku ile kadi haikuwa tena mikononi mwa mwenyewe. Kwa sababu hiyohiyo, anayeripoti upotevu wa kadi ambayo kwa kweli ameiweka rehani kwa mkopeshaji wa mtaani anatoa taarifa ya uongo kwa mtumishi wa umma, na hilo ni kosa la jinai. Hutokea zaidi ya vile watu wanavyokiri.

Hati ikishatoka, isome hapo hapo. Angalia majina yote, namba ya kitambulisho, tarehe na kuwapo kwa alama za uthibitisho, iwe ni mhuri wa kituo au msimbo wa mraba unaochapishwa na mfumo. Kisha toa nakala tatu, moja ya NIDA, moja ya benki na moja ya kubaki nyumbani. Ile halisi usiiachie ofisi yoyote kabla ya kuuliza kama nakala inatosha. Usiikalie pia kwa miezi mingi, kwa kuwa maofisa hupendelea taarifa ya karibuni, na ya zamani sana hukufanya uanze upya.

Ofisi ya NIDA ya wilaya na fomu

Mkoa wa Dar es Salaam una wilaya tano, yaani Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, na NIDA inatoa huduma kwa ngazi ya wilaya. Fundi wetu hana cha kujiuliza: anaishi Temeke na alisajiliwa Temeke, basi anakwenda Temeke. Swali linawahusu wale waliosajiliwa Mbeya au Tanga na sasa wanaishi Mwenge au Tegeta, na vilevile wale waliosajiliwa Kinondoni kabla maeneo yao hayajawa sehemu ya wilaya mpya ya Ubungo. Watu hawa waende katika wilaya wanakoishi, na jambo la kwanza kumweleza ofisa liwe mahali waliposajiliwa na mahali ambapo wangependa kuipokea kadi. Likisahauliwa, kadi inaweza kuchapishwa na kupelekwa wilaya ya awali, halafu mwenyewe akakaa Dar es Salaam akiisubiri ilhali imelala kabatini mkoa mwingine.

Nenda asubuhi. Ofisi za Serikali hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri, lakini foleni huanza kabla ya mlango kufunguliwa, na mtandao ukisumbua mchana waliochelewa ndio wanaoambiwa warudi kesho. Beba taarifa ya upotevu na nakala yake, namba ya NIDA iliyoandikwa vizuri, na hati nyingine yoyote inayokutambulisha, kama vile cheti cha kuzaliwa, kadi ya mpigakura, leseni ya udereva au pasipoti. Asiye na hata mojawapo aombe barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa anakoishi, ikiwa na picha yake iliyogongwa mhuri. Barua hiyo haihitajiki kwa kila mtu, ila yule ambaye pochi iliondoka na hati zake zote ataona thamani yake.

Ofisa ataitafuta kumbukumbu yako kwa namba, atailinganisha sura yako na picha iliyomo, na anaweza kukutaka uweke kidole kwenye mashine. Wenye kazi za mikono, kama mafundi ujenzi na wanaofua nguo, mara nyingine vidole vyao huwa vimelika na mashine huvikataa. Kuosha mikono, kuikausha vizuri na kujaribu kidole kingine husaidia. Ukiwa hapo, muulize ofisa namba gani ya simu imo katika kumbukumbu yako. Wengi walisajiliwa kwa laini ambayo waliiacha zamani, na ujumbe wa kuwaita utakwenda kwa laini hiyo ikiwa haikubadilishwa.

Jambo moja lisiingizwe katika ombi hili bila kufikiri vizuri, nalo ni marekebisho ya taarifa. Anayepoteza kadi mara nyingi huona ni fursa ya kusahihisha jina lililokosewa au kuongeza jina la mume. Marekebisho ni ombi la aina nyingine, lina vielelezo vyake kama cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na huchukua mkondo mrefu zaidi wa uhakiki. Kama una haraka ya kadi, omba kadi yenye taarifa zilezile. Kama kosa ni kubwa kiasi kwamba kadi yenye kosa hilo haitakufaa, basi mweleze ofisa kabla ya kulipa ili upewe utaratibu unaofaa tangu mwanzo, kwa maana kulipia uchapishaji wa kadi yenye kosa na kisha kulipia tena kadi iliyosahihishwa ni kutupa fedha.

Nao wenye kadi za zamani zilizoandikwa tarehe ya mwisho wa matumizi wasiingie katika foleni hii kwa sababu ya tarehe hiyo peke yake. Mwaka 2023 Serikali iliondoa ukomo huo wa matumizi, hivyo kadi iliyopitwa na tarehe bado ni halali, na hakuna haja ya kuitangaza kuwa imepotea.

Malipo na stakabadhi

Baada ya ombi kuingizwa, utapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo mitaani huitwa kontro namba. Ina tarakimu 12 na huanza na 99. Imetengenezwa kwa jina lako na kwa ombi lako, kwa hiyo usilipie namba ya mtu mwingine wala usimwazime mwenzako ya kwako hata kama kiasi ni kilekile. Namba hiyo ina muda wake wa kuisha, hivyo ni vizuri kulipa siku hiyohiyo.

Malipo yanaweza kufanywa kwa wakala wa benki au kwa simu. Mwenye M-Pesa anapiga *150*00#, anachagua kulipa, kisha malipo ya Serikali, anaingiza namba ya kumbukumbu na kiasi. Airtel Money ni *150*60#, na HaloPesa ni *150*88#. Weka salio linalozidi kidogo 20,000 ili makato ya mtandao yasikukwamishe. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma kile ambacho simu inakuonyesha, hasa jina la taasisi na kiasi. Ikiwa jina linaloonekana ni la mtu binafsi, hiyo si namba ya Serikali, acha mara moja. Hapo ndipo vishoka wanaozunguka nje ya ofisi hunaswa: wanaahidi kuharakisha kadi, wanataka shilingi 40,000 au 50,000 zitumwe kwa namba ya simu ya kawaida, na wakishapokea hawapatikani tena. Uchapishaji haufanyiki katika ofisi ya wilaya, kwa hiyo hata kishoka mwenye jamaa ndani ya ofisi hana mashine ya kuiharakisha.

Simu inaweza kuwa ya mtu mwingine, maana mfumo unaangalia namba ya kumbukumbu na wala hauangalii laini iliyolipa. Fundi wetu, akiwa hana salio, anaweza kumwomba shemeji yake aliyeko Morogoro amlipie. Kinachohitajika ni shemeji amtumie ujumbe wa uthibitisho kama ulivyo, bila kufutwa.

Ujumbe huo wa simu unathibitisha kwamba fedha zimetoka. Stakabadhi ya Serikali inathibitisha kwamba fedha zimepokelewa kwa ajili ya ombi lako. Kwa kawaida mambo haya mawili hutokea kwa pamoja, lakini mtandao ukiwa mzito fedha zinaweza kutoka bila ankara kuonyesha kwamba imelipwa. Ndiyo maana haifai kulipa na kwenda zako nyumbani. Rudi dirishani, muombe ofisa athibitishe kwamba malipo yameonekana na akupe stakabadhi, kisha hakiki mambo manne: jina lako, namba ya kumbukumbu, kiasi na maelezo ya huduma iliyolipiwa. Malipo yasipoonekana, usilipe tena. Subiri, na ikipita siku moja wasiliana na huduma kwa wateja ya mtandao ukiwa na namba ya muamala. Mtu aliyelipa mara mbili kwa hofu hukuta kurudishiwa fedha kutoka Serikalini ni safari ndefu kuliko kupata kitambulisho chenyewe.

Stakabadhi ipige picha, ihifadhi katika simu na uitume kwa mtu unayemwamini. Karatasi za stakabadhi nyingi hufifia wino baada ya wiki kadhaa, hasa zikikaa juani au karibu na joto, na ikifika siku ya kuchukua kadi utakuwa umeshika karatasi tupu.

Muda wa kusubiri

Kadi huchapishwa katika mitambo ya NIDA na kurudishwa wilayani kwa mafungu, ndiyo maana muda wa kusubiri hautegemei bidii ya ofisa uliyemwona dirishani. Jipange kwa wiki kadhaa, na usishangae zikigeuka miezi pale kadi ghafi zinapopungua au wilaya inapokuwa na mrundikano. Kabla ya kuondoka siku ya ombi, uliza mambo mawili: ni lini inafaa kuja kuulizia, na kadi itatolewa hapo wilayani au katika ofisi ya kata au ya mtaa. Jibu la swali la pili hukuokolea nauli nyingi.

Katika kipindi hicho namba yako inafanya kazi. Benki hufungua akaunti kwa namba na alama ya kidole, maduka ya simu husajili laini kwa njia hiyohiyo, na maombi ya pasipoti, leseni na namba ya mlipakodi huanzia kwenye namba. Penye shida ni pale anayekuhudumia hana mashine ya kusoma kidole na anataka kuona kadi kwa macho, kama vile mlinzi wa jengo la ofisi au mwenye nyumba ya wageni. Huko kadi ya mpigakura au leseni hufaa zaidi, na asiyekuwa nazo aonyeshe taarifa ya upotevu pamoja na stakabadhi.

Usiombe mara ya pili kwa sababu ya kuchelewa. Ombi la pili halisukumi la kwanza, na laweza kufanya yote mawili yasimamishwe ili yachunguzwe. Ukipita muda ulioambiwa, rudi ofisini na stakabadhi, uliza ombi limefika hatua gani: bado halijatumwa, limo katika uchapishaji, au kadi imekwisha kurudi. Majibu haya yana hatua tofauti. Likiwa bado halijatumwa, kuna kasoro katika ofisi hiyohiyo, na unaweza kuiondoa siku hiyo. Likiwa katika uchapishaji, hakuna la kufanya ila kusubiri. Na kama imekwisha kurudi, kadi ipo, tatizo ni ujumbe uliokwenda kwa laini isiyo yako.

Ikiwa kadi ya zamani itaonekana kabla hujalipa, nenda NIDA ukaeleze ili ombi lisitishwe. Ikionekana baada ya kulipa, subiri mpya na uirudishe ya zamani siku ya kupokea, kwa kuwa kubaki na kadi mbili ambazo moja ulikwisha kuitangaza polisi kuwa imepotea kutakuletea maswali.

Ukiitwa, nenda mwenyewe ukiwa na stakabadhi na nakala ya taarifa ya upotevu. Usiahirishe: mwaka 2025 NIDA ilitangaza kuzifungia namba za watu ambao kadi zao zilikuwa tayari nao hawakwenda kuzichukua licha ya kutumiwa ujumbe. Mbele ya ofisa, kabla ya kusaini daftari la kupokea, soma kadi yote: majina, tarehe ya kuzaliwa, jinsi, saini, picha, na tarakimu 20 za namba moja baada ya nyingine ukilinganisha na ulizoandika mwanzoni. Kosa likionekana kabla ya kusaini, kadi hurudishwa kama kosa la uchapishaji. Likionekana ukiwa umekwisha kufika Mbagala, utalazimika kurudi Temeke na kuanza kueleza ni nani aliyekosea.